Saa tano ya nani?

Juma lililopita, baada ya kuhesabu likelemba, mama mmoja aliniita pembeni. Binti yake ametafuta kazi kwa njia ya interneti na mtu wa Ulaya amemwandikia: apendekeze saa za mahojiano. Binti amejibu "Jumatatu saa tano". Mama akaniuliza, "Mwalimu, hilo jibu ni zuri?" Nikamwambia amkimbilie binti aandike tena siku hiyohiyo. Nilipoona anashangaa, nikamsimulia kilichonipata mimi, naye akasema niandike hapa.

Mwezi wa kumi wa 2023 niliomba kazi ya kufundisha Kiswahili kwa watu wazima kwa njia ya vidio, jioni, baada ya masomo ya shule. Waliokuwa wanaajiri walikaa Bruseli. Siku ya Alhamisi tarehe 19 walinipigia simu kidogo kunijua tu. Tuliagana 11h00, na 11h00 simu ikalia. Nikajua kwamba saa ya Bruseli na saa yetu ya Bukavu ni moja. Na siku hiyo ilikuwa moja kweli.

Jumanne tarehe 24 wakaniandikia nipendekeze saa ya mahojiano yenyewe. Nikaandika: "Jumanne tarehe 31, 11h00." Wakajibu: "Vizuri, 11h00." Hakuna aliyetaja mji.

Jumanne ile nilimwomba direkta ruhusa, nikamwachia mwenzangu darasa, nikaenda nyumbani kwa dada yangu kwa sababu kwake interneti inapita vizuri. Nilinunua mega za kutosha. 11h00 nikaingia. Chumba cha vidio kilikuwa kitupu, sura yangu peke yake inaniangalia. Nilingoja dakika arobaini. Mega zikapungua, ruhusa ikaisha, nikarudi darasani na kuzima simu kama inavyotakiwa. Saa sita mchana, mimi nikiwa ubaoni nafundisha vitenzi, watu wa Bruseli waliingia kwenye kile chumba na hawakunikuta. Jioni nikasoma barua yao: wamengoja robo saa. Nilieleza. Walijibu kwa heshima kwamba orodha imekwisha fungwa.

Nilikasirika nao usiku mzima. Asubuhi nikaona kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lao. Jumapili tarehe 29, katikati ya barua yangu na siku ya mahojiano, nchi za Ulaya zilikuwa zimerudisha saa nyuma. Wao hufanya hivyo kila mwaka: Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu wanapeleka saa mbele kwa majira ya joto, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi wanairudisha. Sisi hatugusi saa zetu mwaka mzima. Kwa hiyo wakati wa majira yao ya joto Bruseli na Bukavu tuna saa moja, na wakati wa baridi sisi tuko mbele yao kwa saa moja. Yao ilipofika 11h00, yetu ilikuwa 12h00.

Jambo hili si geni kwetu. Anayevuka Bunagana au Kasindi kwenda Uganda anajua kwamba kule saa iko mbele kwa moja. Hata ndani ya nchi yetu, Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Lakini tofauti hizo hazibadiliki, ukizijua umezijua. Tofauti na Ulaya au Kanada inabadilika mara mbili kwa mwaka, na inabadilika Jumapili usiku, bila kukuuliza.

Mwezi wa tatu wa 2024 nilipata nafasi nyingine, kazi ya namna ileile, ila mwenye kuajiri alikuwa mama mmoja wa Montreal, Kanada. Barua yake ilifika Jumatano tarehe 6. Nilikuwa kwa mshonaji, tunapimwa vitenge vya tarehe 8, na nikataka kujibu palepale nimesimama. Nashukuru sikujibu. Aliandika: nipe saa tatu tofauti za juma lijalo.

Nilianza na swali: juma lijalo Montreal itakuwa saa ngapi kwetu? Sikuuliza ni saa ngapi leo. Ukiandika kwenye simu "heure à Montréal", inakupa saa ya dakika hiyo tu. Siku ile simu ilionyesha kwamba tuko mbele ya Montreal kwa saa saba. Lakini Kanada nao wana Jumapili yao, na si ile ya Ulaya: kwa Montreal ni Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu kupeleka saa mbele, na Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja kuirudisha. Mwaka ule ilikuwa tarehe 10. Kuanzia tarehe hiyo tofauti ingekuwa saa sita. Kama ningejibu kwa hesabu ya siku ile, ningesema 9h30 ya Montreal ni 16h30 ya Bukavu, na ningeingia yule mama akiwa amekwisha kufunga mashine yake saa nzima.

Njia ya kuhakikisha ni kalenda ya simu. Unafungua siku yenyewe ya mahojiano, unaandika tukio, na pale penye "Fuseau horaire" unachagua mji wa mwenye kuajiri. Kama Montreal haimo, chukua Toronto, saa yao ni ileile. Ukihifadhi, simu inakuonyesha saa ya kwako kwa tarehe hiyo, na mabadiliko imeyahesabu yenyewe.

Hapo nikaona kitu ambacho kilinichekesha. Yao 9h30 ni kwetu 15h30, na 15h30 sisi tunaiita saa tisa na nusu. Yao 10h00 ni kwetu 16h00, yaani saa kumi. Majira ya joto yote, saa ya Montreal na saa yetu ya Kiswahili zinatamka namba moja! Ni kwa sababu Kiswahili kinahesabu saa kuanzia kuchwa na kucha, kwa hiyo kinatofautiana na saa ya Kifaransa kwa sita, na Montreal nayo inatofautiana na sisi kwa sita. Ni urahisi wa kukumbuka, lakini una mtego. Mdogo wangu aliposikia "saa tisa na nusu" aliniandikia kwenye karatasi ya ukutani "9h30", na kesho yake mimi mwenyewe nilipoisoma sikujua ni ya kwao au ni asubuhi yetu. Kwa sababu hiyo barua ya kazi siiandiki kwa saa ya Kiswahili. Naandika kwa saa ishirini na nne, 15h30, na nyumbani ndipo nasema saa tisa na nusu.

Kisha nikachagua saa. Mwenye kuajiri Montreal anafanya kazi kama 9h00 hadi 17h00 yake, na kwetu hiyo ni 15h00 hadi 23h00. Mimi niko darasani asubuhi, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi. Jioni niliikataa, kwa sababu kuanzia 18h00 watoto wote wako ndani, sufuria zinagonga, majirani wanasali kwa sauti, na umeme ukiondoka nabaki gizani mbele ya mtu anayetaka kuona uso wangu. Nikabaki na mwanzo wa asubuhi yake. Nikamwandikia hivi, kwa Kifaransa:

"Jumanne tarehe 12 mwezi wa tatu, 9h30 ya Montreal, ambayo ni 15h30 ya Bukavu. Au Alhamisi tarehe 14, 10h00 ya Montreal, 16h00 ya Bukavu. Au Ijumaa tarehe 15, 9h00 ya Montreal, 15h00 ya Bukavu. Bukavu iko UTC+2. Nimehesabu mabadiliko ya saa ya Jumapili tarehe 10 huko kwenu."

Saa yake niliitanguliza ili asihesabu kitu. Yangu niliiweka pembeni ili, kama nimekosea, yeye au mashine yake waone namba mbili hazikubaliani. UTC ni saa ya dunia ambayo miji yote hupimwa nayo, na sisi wa mashariki ya Kongo tuko mbele yake kwa mbili. Mwezi niliuandika kwa neno, kwa maana 12/03 kuna watu wa upande ule wanaoisoma tarehe 3 ya mwezi wa kumi na mbili. Na siku zote tatu nilizifunga mpaka ajibu. Mkutano wa wazazi wa Alhamisi nilimwomba mwenzangu aushike, kwa sababu saa uliyopendekeza kisha ukaiondoa inakuaibisha kuliko kutoipendekeza.

Alichagua Jumanne na akatuma mwaliko unaoingia wenyewe katika kalenda. Nilipoufungua, simu ikasema 14h30. Moyo ukadunda. Nilirudia hesabu mara tatu, ikabaki 15h30. Kisha nikafungua "Date et heure" na kukuta sababu: aliyeniuzia simu aliiweka kwenye ukanda wa Kinshasa, halafu akasogeza saa mbele kwa mkono ili ifanane na yetu. Usoni saa ilikuwa sahihi, ndani simu iliamini niko Kinshasa, na kila mwaliko ingenionyesha saa moja mapema. Nilibadilisha ukanda kuwa wa Lubumbashi, nikarekebisha saa, na mwaliko ukaonyesha 15h30. Angalieni simu zenu, hasa zile tulizonunua zikiwa zimetumika.

Jumanne nikaingia 15h20. Yule mama akatokea 15h30 kamili, ana kikombe cha kahawa, akanisalimu "Bonjour" nami nikamjibu "Bonsoir", tukacheka.

Sasa nafundisha jioni mbili kwa juma, 11h00 ya wanafunzi wangu, saa kumi na moja yetu. Mwaka ule saa yao ilirudi nyuma Jumapili tarehe 3 mwezi wa kumi na moja, na darasa likahamia saa kumi na mbili. Nilikuwa nimewaambia wa nyumbani mapema: Jumanne na Alhamisi bugali italiwa kabla sijaingia, au mningojee.