Kazi Mbili Mezani: Nani Anashika Mkasi?



Sisi tunaoshona hapa Kilindoni huletewa mambo mengi zaidi ya vitambaa. Mwaka jana alitujia binti mmoja, mchumba wa watu, anajua cherehani vizuri, na alikuwa ameitwa kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa hoteli moja ya Utende, kushona na kutunza mashuka, mapazia na foronya. Ya pili ilikuwa kwa fundi wa magauni ya harusi Mbagala, ambako angekaa kwa shangazi yake. Hoteli ilitaja mshahara karibu mara mbili ya ule wa Mbagala. Alitaka kuswali istikhara usiku uleule.

Tukamwambia, mwanangu, istikhara ni sunna, lakini katika dua yake unalitaja jambo lako. Utalitajaje wakati hujajua ndani yake mna nini? Kaulize kwanza mambo matatu.

La kwanza, utajifunza nini? Shuka ni pindo lililonyooka. Ukishona mia utapata kasi, utajua kukadiria vitambaa vya jora zima, na baada ya miezi michache huongezi kitu. Gauni la harusi lina bitana, mifupa, zipu ya kuficha na shanga. Lakini hapa pana mtego. Vyumba vingi vya ushonaji, mwenye duka hukata mwenyewe, wengine wanaunga tu. Unaweza kukaa miaka mitatu ukatoka hujui kumpima bibi harusi na kumkatia gauni. Kwa hiyo usiulize, "Mtanifundisha?" kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Uliza, "Mwezi wa ngapi nitashika mkasi, na nitakata nini?"

Aliuliza kwa simu. Yule fundi akamjibu bila kusita: miezi mitatu ya shanga na kumalizia kwa mkono, wa nne kukata bitana, wa tano kukata gauni la majaribio kwa marikani. Jibu lenye miezi ndani yake ni jibu. Angeambiwa "tutaona ukifika", tungemshauri aende hoteli.

La pili, utakutana na nani? Hotelini angejuana na mnunuzi wa vifaa, ambaye siku moja angeweza kumpa oda ya mapazia akiwa na duka lake. Huyo si mtu wa kudharau. Mbagala angekutana na maharusi, mama zao, wapambaji, na wauza vitambaa wa Kariakoo wanaokubali kumtumia fundi mzigo kisiwani kwa kuaminiana. Kwa anayetaka kushonea maharusi, hawa wa pili ndio mtaji.

La tatu, mlango gani utafungwa? Hoteli ilikuwa na mkataba wa maandishi, na kwa anayekaribia kuolewa hilo ni kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, lakini ni rahisi zaidi kuzidai ukiwa na karatasi. Ila mkataba uleule ulimkataza kazi ya pembeni. Sasa tazama kalenda. Papa potwe huvuta wageni Mafia kuanzia Oktoba hadi Machi. Harusi zetu hujaa Shaaban, na Ramadhani ya 2026 ilianza Februari, maana yake Shaaban iliangukia kilele cha wageni. Wakati maharusi wanatafuta fundi, yeye yuko Utende anahesabu foronya.

Tena tulimwambia apime mlango upi hufunguka tena. Baadhi ya hoteli hapa hufunga wakati wa masika, zikifungua hutafuta watu upya. Lakini kukaa Mbagala kwa shangazi akiwa hana mume wala mtoto, nafasi hiyo ilikuwa ya mwaka ule tu.

Akazungumza na wazazi na mchumba wake, akaswali, akachagua Mbagala kwa miezi sita, amalize kabla ya harusi. Mambo ya mkasi aliomba yaandikwe kwenye karatasi, wakatia sahihi wote wawili. Akapanda boti ya Nyamisati akiwa na mkasi wake mwenyewe.

Mwezi wa nne alitutumia picha ya bitana. Bega moja lilikuwa limekatwa juu kidogo kuliko jingine, na fundi wake alikuwa amelizungushia chaki ili alirudie.

Wabillahi tawfiq.