Vichupa Vinne

Kwa mtu anayeuza dagaa, pua ni mizani ya pili. Mimi hununua usipa Mbamba Bay, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, na kuupandisha hadi Mbinga mjini, kilomita 66 za kona na milima, nikawauzie watu wa kahawa. Kabla ya kulipa hutumbukiza mkono hadi katikati ya gunia, nikatoa konzi moja na kuinusa. Usipa uliokauka vizuri kwenye chanja una harufu ya jua na ziwa. Ule ulionyeshewa ukaanikwa tena una uchachu fulani kwa chini, hata kama kwa macho unang'aa kama fedha. Julai 2021 niliugua mafua ya wiki moja. Yalipokwisha nilikuwa mzima, pua haikuwa imeziba, lakini konzi ya usipa haikuwa na chochote ndani yake.

Watu hudhani kupoteza harufu ni kupungukiwa na starehe. Kwangu kilichopungua kwanza ni kazi. Ilibidi nimchukue mdogo wangu wa kiume kila safari, nimlipie nauli na chakula, ili aninusie. Nyumbani chumvi niliisikia, sukari niliisikia, pilipili iliniwasha kama kawaida, kwa sababu hayo ni mambo ya ulimi na ngozi ya mdomo. Lakini kitunguu, nyanya, majani ya chai na mchuzi wa samaki vilikuwa maji ya moto yenye chumvi. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hupanda kutoka kooni kuingia puani, na njia hiyo kwangu ilikuwa imefungwa.

Septemba nilikwenda Songea kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alimulika ndani, akatafuta vinyama na uvimbe, hakuviona. Akanichorea pua kwenye karatasi. Juu kabisa, karibu na usawa wa macho, kuna kipande kidogo cha ngozi chenye chembe za neva za kunusia. Chembe hizo hupenyeza nyuzi zake kwenye vitundu vya mfupa mwembamba na kuingia kwenye ubongo. Virusi vikishambulia ngozi ile, chembe nazo huumia. Habari njema, alisema, ni kwamba hizi ni miongoni mwa neva chache za mwili zinazokufa na kuzaliwa upya maisha yote. Habari ngumu ni kwamba zile mpya lazima zitafute njia yake hadi ubongoni, na ubongo ujifunze tena kuzisoma.

"Sasa dawa ni ipi, daktari?" nilimwuliza.

"Kunusa," alinijibu. "Unanusa kile usichokisikia, kila siku, mpaka ukisikie."

Utaratibu alionipa una historia. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha utafiti wa wagonjwa waliopoteza harufu. Waliofanya mazoezi walinusa vitu vinne mara mbili kwa siku kwa wiki 12: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Vinne hivyo havikuokotwa tu. Vinafuata mgawanyo wa Hans Henning, mwanasaikolojia Mjerumani aliyezipanga harufu katika makundi mwaka 1916, na kila kimoja kinasimamia kundi lake: maua, matunda, viungo na utomvu wa miti. Waliofanya mazoezi walipata nafuu kuliko wasiofanya, ingawa si wote. Daktari alinisisitizia hapo: wengi wao hawakupona ndani ya wiki hizo 12.

Mafuta ya chupa ndogondogo sikuyapata Mbinga, kwa hiyo nilitengeneza yangu. Karafuu nzima nilinunua sokoni, nikawa natwanga chache kila Jumapili. Limau nililimenya, ganda likakatwa vipande vidogo na kubadilishwa kila baada ya siku mbili. Majani ya mkaratusi yako kila kona ya milima yetu, niliyafikicha mabichi. Waridi ndilo lililonitesa. Marashi ya dukani yenye spiriti huchoma pua, na ule mchomo utadhani ni harufu. Nikapata mafuta ya waridi yasiyo na spiriti kwa mama mmoja anayeuza udi, nikadondosha matone matatu kwenye pamba. Vyote nilivitia kwenye vichupa vyenye vifuniko vya kukaza. Viungo vilivyosagwa na kukaa wazi miezi dukani havifai, maana kinachotakiwa kufika puani kimekwisha kuruka hewani.

Zoezi lenyewe ni la dakika nne hivi. Asubuhi kabla ya chai na usiku kabla ya kulala, nafungua kichupa cha kwanza, nakisogeza karibu na pua, navuta pumzi fupifupi za taratibu kwa sekunde 20, kama sungura. Ukivuta kwa nguvu, hewa yote hukimbilia mapafuni. Nafunga, napumzika nusu dakika, nafungua cha pili. Wakati wote huo akili inafanya kazi: huu ni ukwaju? Hapana, ni limau; bibi Liuli analikamua juu ya mbasa wa kuchoma. Unaita kumbukumbu ya harufu hata kama harufu haiji. Kisha naandika kwenye daftari: sifuri ni kutosikia kitu, kumi ni kama zamani.

Kwa wiki tatu daftari lilijaa sifuri, isipokuwa mkaratusi. Huo nilikuwa naupa tatu, hata nne, tangu siku ya kwanza. Nilifurahi, lakini furaha hiyo ilinitia shaka, kwa hiyo nilimwomba mdogo wangu anipime. Alinifunga kitambaa machoni, akanipa vichupa kwa kuvichanganya, kila kimoja mara tatu, jumla mara 12. Mtu anayebahatisha tu angepata kama vitatu. Nilipata vitano, na kati ya hivyo vitatu vilikuwa mkaratusi.

Nilipomweleza daktari kwa simu, alinipa kipimo kingine. Shika vichupa viwili, kimoja kitupu na kimoja chenye mkaratusi, mtu akusogezee kimoja kila tundu la pua kwa pamoja, kisha useme mkaratusi uko upande gani. Nilipatia kila mara. Akasema basi ninachokisikia si harufu. Neva ya kunusia haiwezi kutambua harufu tupu imeingilia tundu lipi. Inayojua upande ni neva ya uso, ile inayosikia ubaridi wa mkaratusi, mwasho wa pilipili na mchomo wa kitunguu machoni. Hiyo haikuguswa na ugonjwa. Tangu siku hiyo niliacha kuandika ubaridi. Niliandika tu kile kilichobaki nikiutoa ubaridi, na mkaratusi ukashuka hadi sifuri pamoja na wenzake.

Karafuu ndiyo iliyorudi kwanza, wiki ya saba, siku ya Alhamisi. Haikurudi kama karafuu. Ilikuwa kitu kama mbao iliyopigwa msasa, sekunde moja, kikapotea. Wiki ya tisa ilikaa kwa pumzi tatu, na limau likaja na ukali wake bila utamu. Mdogo wangu aliponipima tena nilipata vinane kati ya 12.

Kisha, wiki ya kumi, kahawa ikaoza.

Sijui niielezeje kwa mtu asiyeishi Mbinga. Kahawa kwetu ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Asubuhi ile mama alikuwa anakaanga buni kidogo kwenye chungu kwa ajili ya mgeni, nami nilikimbilia nje nikidhani kuna panya aliyefia kwenye makaa. Kitunguu kikafuata, kisha usipa wa kukaanga: vyote harufu moja, mchanganyiko wa mpira unaoungua na taka. Nilianza kula ugali wa baridi na ndizi. Mama aliumia. "Mwanangu, kama chakula changu kimekushinda, sema," aliniambia. Nilimwambia kimenishinda puani, si moyoni, lakini sahani ikirudi jikoni imejaa inasema mambo yake yenyewe.

Hapa ndipo wengi huacha, wakidhani mazoezi yamewaharibu. Daktari alinieleza kinyume chake. Kahawa iliyokaangwa ina mamia ya kemikali zinazopaa, na ubongo huzisoma zote kwa pamoja kama neno moja. Chembe za kunusia zilizorudi bado ni chache, kwa hiyo ubongo unapata herufi mbili tatu tu za neno hilo. Zinazosikika kwa urahisi kuliko zote ni zile zenye salfa, ambazo kiasi kidogo mno kinatosha kuamsha pua. Zikiwa na wenzake hutupa utamu wa kahawa. Zikiwa peke yake ni uozo. Kitunguu na vitu vilivyokaangwa vina za jamii hiyohiyo. Kwa hiyo uozo ule ulikuwa dalili kwamba nyuzi zimeanza kufika. Mtu asiye na neva hata moja haoni kinyaa.

Alinishauri nile vitu vya uvuguvugu badala ya moto, kwa kuwa mvuke ndio unaobeba harufu, na nisiache vichupa. Baada ya wiki 12 nilibadilisha seti: iliki, mdalasini, ganda la chungwa na mchaichai. Wapo watafiti walioona kwamba kubadilisha harufu kila baada ya kipindi hicho, na kuendelea kwa miezi mingi, huleta nafuu zaidi. Mama sasa alikuwa ndiye mwenye kunichumia mchaichai nyuma ya nyumba. Nadhani kuniona nimefumba macho asubuhi, nikihangaika na jani, kulimweleza kile maneno yangu yalishindwa.

Iliniwia miezi 11. Leo mdalasini naupa nane, limau saba, karafuu tisa. Kahawa nayo naipa tano: haiozi tena, lakini ina moshi ambao zamani haukuwamo, na huenda utabaki. Mtungi wa gesi bado siuamini kwa pua. Kila ninapobadilisha mtungi napaka povu la sabuni kwenye kiungo na kutazama kama linatoa mapovu mapya.

Mbamba Bay sasa naenda peke yangu. Hata hivyo, kabla ya kunusa konzi, nauvunja usipa mmoja kwa vidole, maana uliokauka hukatika kwa mlio na wenye unyevu hujikunja. Natazama tumbo kama limepasuka, nafikicha vumbi lake kiganjani. Wauzaji wa pale hunicheka, wakisema nimekuwa bwana afya. Vidole na macho vilinifanyia kazi mwaka mzima pua ikiwa likizo, na sioni sababu ya kuviachisha kazi kwa kuwa mwenzao amerudi.