Maneno Sita Yaliyomrudisha Mama Nyumbani na Sambusa Hamsini

Wanaonifuata hapa wanajua kazi yangu: napiga picha za chakula cha vibandani Mombasa, halafu naziwekea kapsheni. Na wengi wenu mmeniambia ukweli, kwamba hamji kwa ajili ya picha, mnakuja kwa ajili ya maneno. Sawa. Leo nataka kuongea juu ya maneno yenyewe, manake kuna kapsheni moja niliifuta mwaka uliopita na sijawahi kueleza kwa nini.

Kuna mama anauza sambusa karibu na kwetu. Anakaanga kuanzia alasiri, anatoa kama mia moja, na kwa kawaida magharibi ikiadhiniwa sinia iko tupu. Siri yake ni kima. Anaikausha jikoni na vitunguu, dania na pilipili mpaka maji yote yaishe, ndiyo akamulie ndimu na kuifunga kwenye manda. Kima ikibaki na maji, manda inalowa, sambusa inapasukia kwenye mafuta. Zake hazipasuki. Nilipiga picha moja imekatwa katikati, moshi unatoka, kima imejaa mpaka kwenye pembe. Picha safi kabisa. Nikaiandikia hivi:

"Kima cha chini thelathini, kima ndani."

Nilijiona fundi. Mwanzo ni ile kima cha chini ya mshahara, ambayo kila Mei 1 tunakaa kuisubiri kwenye hotuba. Hapa nimeigeuza ikawa bei, manake sambusa moja ni shilingi 30. Halafu kima ya pili ni nyama ya kusaga. Neno moja, kazi mbili, na yote yanaishia na "ni": chini, thelathini, ndani. Nikaposti saa saba mchana, nikaweka na mahali kibanda kilipo, nikaenda zangu.

Saa kumi hivi nikafungua simu. Maoni yalikuwa mengi kuliko siku zote, nikafurahi. Kumbe! La kwanza kabisa, lililokuwa limependwa kuliko posti yenyewe, lilisema: "Kwa hivyo kima YUKO ndani? Amelala ama ako macho?" Chini yake safu ya vikatuni vya nyani. Mwingine akauliza mkia umeenda wapi. Mwingine akasema sasa ameelewa kwa nini pale mtini kwao hakuna tena kelele.

Sisi wa Pwani tukisikia kima kwenye mambo ya sambusa, akili inakwenda kwenye nyama. Ndivyo tunavyosema nyumbani na buchani. Lakini mtu wa bara wengi wao husema nyama ya kusaga, na neno kima walikutana nalo darasani, kwenye orodha ya wanyama pamoja na ngedere na tumbili. Kwa hivyo sikio lao halikusikia maana mbili nilizopanga. Lilisikia ya tatu. Na hii ni nchi ambayo mzaha wa nyama ya punda na paka kwenye sambusa si mzaha tu, watu wana hofu nao kweli.

Jioni nikapita pale kibandani. Sinia ilikuwa bado nusu. Mama hakuwa na simu ya mambo haya, lakini vijana wawili walikuwa wamesimama mbele yake wakamwonyesha ile posti, wakamwuliza kwa kicheko kama leo ni kima gani. Wateja wawili watatu waliokuwa wanasubiri wakasikia, wakasema watarudi. Hawakurudi. Alirudi nyumbani na sambusa hamsini, akazigawa kwa majirani. Hamsini mara thelathini ni shilingi 1,500. Hiyo ni nyama ya kesho, mafuta ya kesho, na makaa.

Nilipomwomba msamaha alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, wewe ulikuwa unacheza na maneno. Mimi hiyo ni mtaji."

Usiku ule nilifuta posti, nikakaa kuangalia kosa liko wapi hasa. Sikutaka kujiambia tu kwamba watu wa mtandaoni ni wabaya. Yule aliyeandika lile oni hakubadilisha neno kima. Alichofanya ni kuongeza "yuko". Basi. Silabi mbili, na nyama ikaota mkia.

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi fumbo la Kiswahili linavyofanya kazi, na nimekuwa nikilifanya kwa kubahatisha siku zote. Kiswahili kina maneno mengi yanayofanana sauti, lakini upatanisho ndio unaoyatenganisha. Ukisema "kima cha", ni kiwango. Ukisema "kima ya ng'ombe", ni nyama. Ukisema "kima amelala", huyo ni mnyama. Neno likisimama peke yake bila kiambishi, milango yote iko wazi. Ndiyo maana "kima ndani" ilikuwa tamu kuandika: sikuweka kitenzi, sikuweka "ya", sikuweka chochote. Niliacha mlango wazi ili maana yangu ipite, nikasahau kwamba mlango haujui mwenye nyumba.

Chukua kaa. Kaa wa baharini, kaa la moto, na kaa kitako. Niliwahi kuposti kaa wa kuchoma na kuandika "Kaa tule kaa aliyekaa kwenye kaa." Watu walicheka, na hakuna aliyeumia, manake hata ukichanganya vipi, hakuna maana ya nne mbaya inayomsubiri mwenye kibanda. Ukitaka kuipima, weka "huyu", "hili" na "hiki" mbele ya neno, moja moja, uone ni nini kinajitokeza. Huyu kaa: sawa. Hili kaa: sawa. Sasa jaribu huyu kima. Unaona? Kipimo cha sekunde tano kingeniokoa.

Lakini kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu kuna maana ambazo haziko kwenye sarufi, ziko mtaani. Kuna picha nilipiga asubuhi moja, glasi ya chai ya rangi na mahamri, na nyuma yake kwa mbali anaonekana askari wa trafiki amesimama. Nikataka kuandika "Asubuhi ni chai tu." Upatanisho hauna shida hapo. Ila hakuna Mkenya asiyejua chai nyingine. Picha ingemsema yule askari jambo ambalo sikuliona akilifanya. Nikaikata picha, askari akatoka, chai ikabaki kuwa chai.

Na kuna masikio. Kapsheni watu huisoma kwa macho lakini huicheka kwa masikio. Nina moja ninayoipenda, "Ugali u ghali", niliyoiandika unga ulipopanda bei. Rafiki yangu wa Nakuru aliisoma kwa sauti, akacheka, manake kwake "gh" na "g" zinatoka karibu sawa, kwa hivyo alisikia "ugali ugali", halafu macho yakamwambia kuna jambo. Shangazi yangu wa hapa Mombasa hakucheka hata kidogo. Kwake "ghali" inatoka kooni, na "ugali" hautoki huko. Akaniambia, "Hayo maneno hayafanani, umeyalazimisha." Wote wawili wako sawa. Mzaha wa sauti unaishi pale tu ambapo mdomo wa msomaji unaziunganisha hizo sauti. Kwa hivyo sasa kila kapsheni yenye mchezo naituma kwanza kwa watu wawili, mmoja wa Pwani na mmoja wa bara, na ombi langu ni moja: usiniambie kama ni nzuri, niambie umesikia nini.

Vina pia vilinidanganya. Nilidhani kwa sababu maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kila kitu kinafanana. Si hivyo. "Pika" na "kula" zote zina "a" mwishoni lakini sikio halipati kitu, linataka silabi nzima. Na silabi "ni" ni rahisi mno: mezani, jikoni, ndani, zinajileta zenyewe. Nikiangalia sasa, ile "ndani" niliiweka kwa sababu ya kina, si kwa sababu ina kazi. Kina kilinivuta mkono. Siku hizi nikitaka vina nafanya kama watunga mashairi, nahesabu mizani, nane kwa nane, nikigonga vidole mezani. Kama hii ya sambusa zilezile: "Sambusa za pembe tatu, sijabakishia mtu." Nane, nane, tatu na mtu. Haina fumbo lolote na bado inakaa mdomoni.

Lakini ile ya kima sikutaka kuiacha. Nilitaka nijue kama fumbo lingebaki na mnyama abaki nje. Nilijaribu siku tatu. Kuandika "nyama" badala ya kima kulimfukuza mnyama, lakini kulifukuza na mchezo wote. Mwisho jibu lilikuwa dogo: kila kima nikaipa kiambishi chake.

"Kima cha chini thelathini, kima ya ng'ombe i ndani."

Kipande cha kwanza kina mizani tisa, kimezidi moja, lakini "cha chini" inapita haraka ulimini kwa hivyo haikwazi. Maana mbili zimebaki, bei na nyama. Ile ya tatu haina pa kuingilia, manake "cha" na "ya" zimesimama kila moja mlangoni pake. Mtu akitaka kuleta nyani lazima avunje sentensi yangu kwanza, na akiivunja kila mtu ataona ni yeye.

Sikuiposti kabla ya kumsomea mama. Nilimsomea palepale kibandani, mafuta yanachemka. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza kama hiyo "ya ng'ombe" wataiona, nikamwambia ndiyo. Akasema basi nisiiweke kwenye simu peke yake, niiandike na kwenye katoni.

Posti ile ilipendwa na watu wachache, pengine robo ya ile ya kwanza. Katoni iko pale hadi leo, imefungwa na kamba kwenye mwavuli, imejaa mafuta. Juzi nilimkuta kijana anaisoma kwa sauti akisubiri chenji, anagonga kidole kwenye meza. Alipofika "i ndani" akacheka, akaongeza mbili.