Kibendera Nilichokiinua Kwa Kosa

Ndugu msomaji, Jumapili moja nilishika kibendera katika kiwanja cha vumbi hapa kwetu Mwanjelwa, Mbeya, kwa sababu mwenye kazi hiyo hakufika. Timu zilikuwa hazijafungana, na dakika zilizobaki zilikuwa chache. Mpwa wangu akapenyezewa mpira, akafunga. Watu waliruka kwa furaha, kumbe mimi nimekwisha kuinua kibendera. Refa akapiga filimbi, bao likakataliwa. Jioni ile kijana hakula nasi. Kesho yake akaja, akaniambia, "Shikamoo mjomba. Jana ulinitazama mimi, hukumtazama aliyenipa mpira."

Maneno hayo yalinikosesha raha. Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa mwamuzi zamani, naye akanifundisha hivi nitakavyokueleza.

Kwanza aliniuliza maana ya neno lenyewe. Kuotea ni kuvizia, kama mwindaji ajifichapo njiani akingoja mnyama apite. Kama sheria hii isingekuwapo, mshambuliaji angesimama kutwa nzima karibu na golikipa, akingoja mpira mrefu upigwe juu ya vichwa vya wenzake. Mabeki nao wangelazimika kukaa naye huko huko, na katikati ya kiwanja pangekuwa patupu. Sheria yamtaka mtu afike golini kwa kucheza, si kwa kuvizia.

Basi mchezaji huwa ameotea akiwa katika nusu ya wapinzani, naye yu karibu na mstari wa goli kuliko mpira, na tena kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Kwa kawaida wa mwisho ni golikipa, na wa pili ni beki. Zamani walihitajika watatu. Mwaka 1925 wakapunguzwa kuwa wawili. Tangu mwaka 1990 aliye sambamba na beki hana kosa. Mikono haihesabiwi, hutazamwa kichwa, kiwiliwili na miguu. Wala kusimama pale peke yake si kosa: kosa ni kuucheza mpira au kumsumbua mpinzani. Na mpira ukitoka moja kwa moja katika kona, wa kurushwa au pigo la goli, hakuna kuotea.

Lakini shina la sheria, ndugu msomaji, ni hili: huangaliwa alipokuwa mshambuliaji wakati mwenzake anapoupiga mpira, si wakati yeye anapoupokea. Hapo ndipo nilipokosea. Tuseme mpwa wangu alikimbia mita 7 kwa sekunde kuelekea goli, na beki akapanda mita 3 kwa sekunde kuja upande wa katikati. Wanaachana mita 10 kila sekunde. Nikichelewa kuhamisha macho kwa sehemu moja ya tano tu ya sekunde, waliokuwa sambamba nitawaona wameachana mita 2 nzima. Ndiyo maana katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 kule Katari waliweka kifaa ndani ya mpira, kijulishe hasa ulipigwa lini.

Kosa langu la pili mzee alinionyesha kwa miti. Alisimika miwili, mmoja karibu nami na mwingine mbali, yote sawasawa kutoka mstari wa goli. Niliposimama sambamba nayo, mmoja uliuficha mwingine. Aliponirudisha hatua tatu kuelekea katikati ya kiwanja, mti wa karibu ukaonekana umeutangulia wa mbali kuelekea goli. Siku ile nami nilikuwa nimebaki nyuma, mpwa wangu akiwa upande wangu na beki upande wa mbali. Kwa hiyo mshika kibendera hufuatana na yule mpinzani wa pili kutoka mwisho kila aendako, mara nyingi akitembea kiubavu ili asikipe kiwanja kisogo. Mpira ukimpita mpinzani huyo kuelekea goli, huufuata mpira.

Tena hana haraka. Akiona mtu ameotea, hungoja kwanza ajue kama ataucheza. Ndipo huinua kibendera wima. Refa akipiga filimbi, hukielekeza juu kwa kosa la upande wa mbali, kikalala sawa kwa la katikati, na kikashuka kwa la upande wake.

Nilimwita mpwa wangu nikamwambia mbele ya wenzake, "Bao lako lilikuwa halali, jicho langu lilichelewa, na miguu yangu pia." Bao halikurudi, lakini jioni ile tulikula pamoja. Nawe ukikaa pembezoni mwa kiwanja na kibendera kikainuka, kabla hujapiga kelele jiulize: mpira ulipopigwa, macho yako yalikuwa wapi?