Barua kutoka Manchester: Baada ya ngurario, pitieni kwa msajili

Wapendwa wa nyumbani,

Desemba inakaribia, na najua kule Murang'a, Nyeri na Kiambu mahema yamekwisha kuagizwa. Vijana wetu wengi wa huku wanakata tiketi waje kukamilisha ndoa za kimila, kisha Januari wawe wamesharudi kazini. Barua ya leo nawaandikia wao, na wazee watakaowasimamia, kwa sababu kuna kazi moja inayobaki baada ya mbuzi kuliwa, na ikisahaulika mke au mume anaweza kukaa nyumbani muda mrefu akisubiri viza.

Watu hudhani Uingereza haiitambui ndoa ya kimila. Sivyo. Anayeshughulikia ombi la viza ya mwenzi wa ndoa huuliza kama ndoa ilifungwa kwa namna inayokubaliwa na sheria ya nchi ilikofungwa, kisha hutaka cheti cha ndoa au hati yenye uzito wa cheti. Kwa hiyo jibu liko Kenya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zina hadhi sawa zikishasajiliwa. Hata mahari haihitaji kumalizwa: pale mila inapotaka mahari, sheria inasema kiasi kidogo cha kuonyesha nia kinatosha kuthibitisha ndoa. Ndoa yenyewe, basi, mnayo. Kinachokosekana ni cheti, na usajili wa ndoa za kimila ulianza rasmi Agosti 2017, kwa hiyo njia ya kukipata ipo wazi.

Sheria inawapa wanandoa tarehe mbili za kukumbuka. Wanatakiwa kumjulisha msajili wa ndoa ndani ya miezi mitatu tangu taratibu za mila zikamilike, na kuomba cheti ndani ya miezi sita. Wakati wa kupewa cheti, wote wawili lazima wafike wenyewe mbele ya msajili. Hapo ndipo sisi wa ughaibuni tunapokwama. Mmoja akishapanda ndege, huwezi kumtuma kaka yake akachukue cheti kwa niaba yake.

Niwaeleze yaliyompata kijana mmoja tunayesali naye, anayehudumia wazee katika makao ya hapa mjini. Agosti 2024 wazee wake walienda ruracio, wakazungumza mahari na kutoa sehemu yake. Tarehe 14 Desemba mwaka huo wakafanya ngurario. Mwanzoni mwa Januari akarudi kazini akiwa na video ya sherehe nzima, picha na barua ya chifu. Alipompelekea mwanasheria faili lake kabla ya kulipia ombi la viza, akaulizwa swali moja: cheti kiko wapi? Picha na video husaidia kuonyesha kwamba wawili hawa wana uhusiano wa kweli, na barua ya chifu huonyesha kwamba wanajulikana kijijini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosimama mahali pa cheti ambacho sheria ya nchi yao wenyewe inawataka wawe nacho.

Akaomba likizo, akarudi mwisho wa Februari, kabla ya ile miezi mitatu kwisha tarehe 14 Machi. Walipoketi kujaza taarifa ya ndoa wakakuta inataka mambo wasiyokuwa wameyafikiria. Lazima itaje ni mila ya jamii gani iliyofuatwa. Lazima wote wawili watamke kwa maandishi kwamba taratibu zote zinazohitajika zilifanyika, kwamba kila mmoja alikuwa ametimiza miaka 18, kwamba hawana udugu unaozuia ndoa, na kwamba waliridhiana kwa hiari. Kisha zinatakiwa saini za mashahidi wawili watu wazima.

Kwenye mashahidi ndipo walipotaka kukosea. Kijana alikuwa amewapanga rafiki zake wawili waliosimama naye siku ile, wanaoonekana kila mahali kwenye video. Lakini sheria inataka mashahidi waliokuwa na nafasi muhimu ya kimila katika kuifunga ndoa, na rafiki wa kupiga picha hana nafasi hiyo. Wakamwomba mjomba aliyekuwa msemaji wa upande wa mume tangu siku ya mahari, na shangazi wa bibi harusi aliyesimama karibu wakati kiande, yaani bega la mbuzi, kinakatwa na kukabidhiwa mke. Hao ndio wanaoweza kueleza nini kilifanyika, kwa mpangilio gani, na nani alisema nini.

Jambo la pili lilikuwa tarehe. Mama mkwe alisema walioana Agosti, siku ya ruracio. Mjomba akasema ni Desemba, kwa sababu kwao ndoa hukamilika kiande kinapokatwa. Wakakubaliana na mjomba, na tarehe 14 Desemba ndiyo iliyoandikwa kila mahali. Msilipuuze hili. Fomu ya viza ikisema Agosti, cheti kikasema Desemba, na barua ya kanisa ikasema tarehe nyingine, mwenye kusoma faili ana haki ya kuuliza ni ndoa gani hasa inayozungumziwa. Hali kadhalika majina: yafuate kitambulisho na pasipoti, si jina ambalo kijiji kizima kinamwitia mtu.

Ndugu zangu wa pwani mnaofunga ndoa za Kiislamu, kwenu hatua ni fupi zaidi, ila ina sharti lake. Kadhi, shekhe au imamu anayewaozesha awe ameidhinishwa na msajili, kwa kuwa ndiye anayeandika ndoa, kutoa cheti na kupeleka kumbukumbu kwa msajili. Ulizeni kabla ya siku ya nikaha. Na kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inawataka waliooana kimila waombe usajili ndani ya siku 30. Wala msidhani mtakwepa hayo yote kwa kufunga nikaha sebuleni huku Manchester. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba nikaha iliyofungwa hapa bila kufuata taratibu za sheria ya ndoa ya hapa haihesabiwi kuwa ndoa kisheria.

Cheti peke yake hakileti viza. Tangu Aprili 2024 mwombaji mpya kwa kawaida huonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, na bado kuna mtihani wa Kiingereza na kipimo cha kifua kikuu. Wasio na cheti wanaweza kuomba kama wenzi wasiooana, lakini hapo hutakiwa kuthibitisha kwamba wamekuwa katika uhusiano unaofanana na ndoa kwa angalau miaka miwili. Kwa waliooana Desemba na kuishi mabara mawili tofauti, ushahidi huo ni mgumu kuupata.

Kwa hiyo wazee, mnapopanga tarehe ya sherehe, msiiweke Jumamosi ya mwisho kabla ya ndege ya Jumapili. Acheni siku kadhaa za kazi kati ya ngurario na safari, mkikumbuka kwamba ofisi hufungwa Krismasi na Mwaka Mpya. Wachagueni mashahidi siku mnayowachagua wasemaji, na muwaambie waje na vitambulisho. Bwana na bibi harusi waende kwa msajili pamoja, wakiwa bado wote wawili nyumbani.

Nawatakia sherehe njema,

Ndugu yenu wa Manchester