Elfu sitini ya matangazo tuliigawaje

Ukiwa na shilingi 60,000 za kutangazia biashara kwa mwezi, usimpe mtu mmoja zote. Mimi nilikosea hapo. Nilikishauri kikundi cha kubangua korosho hapa Ruaruke kimlipe 45,000 kijana mwenye wafuasi wengi Instagram. Simu zikalia kutoka Mwanza na Arusha, gharama ya kusafirisha ikawashinda. Walionunua ni wawili. Mwekahazina akaniuliza, "Bwana shamba, hiyo hela ingenunua vifungashio vingapi?"

Mwezi uliofuata 10,000 ilikuwa ya bando na picha, tulizopiga wenyewe kivulini asubuhi. 30,000 ikaenda kwenye tangazo la kulipia Facebook, eneo tukachagua Mbagala peke yake, maana mabasi ya huku yanashusha huko. Vifaa havikula kitu. WhatsApp Business ni bure na ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei. Mtangazaji tulimtengea 10,000, tukimlipa 500 kwa kila kilo aliyouza.

Kila mteja aliulizwa, "Umetuonea wapi?" Jibu likaingia daftarini. Tangazo lilileta wanunuzi 10, yaani kila mmoja alitugharimu 3,000. Faida yetu kwa kilo ni 2,500, kwa hiyo aliyechukua kilo moja alitutia hasara! Tukaongeza kwenye tangazo: kuanzia kilo mbili.

Ile 10,000 iliyobaki usiiguse hadi wiki ya tatu, kisha iongeze pale daftari linapoonyesha kilo nyingi.