UMEONYESHWA CHUMBA NA HUKITAKI? MWAMBIE MWENYE NYUMBA, USIZIME SIMU

Leo tuongee kitu ambacho wengi wetu Dar tunakikwepa. Umezungushwa na dalali, umeonyeshwa chumba, mwenye nyumba kakukaribisha vizuri mpaka maji ya kunywa kakupa, na moyoni unajua kabisa hapa sihamii. Unafanyaje? Wengi wanasema "nitakupigia mama", halafu ndo basi. Namba inaitaaa, haipokelewi. Wengine wanablok kabisa.

Mimi nilipata chumba Tabata mwaka jana. Jina la mama mwenye nyumba naliweka kapuni, na la dalali pia. Chumba masta, choo ndani, vigae safi, dirisha linaangalia mwembe. Kodi laki na ishirini kwa mwezi, miezi 6 mkupuo. Piga hesabu: laki saba na ishirini ya mama, ongeza mwezi mmoja wa dalali, inakuja laki nane na arobaini. Hapo hela ya kupelekwa kuona nimeshatoa siku hiyo hiyo asubuhi. Kwa mtu anayeuza juisi na barafu za ubuyu kama mimi, hiyo siyo hela ya kubahatisha.

Chumba nilikipenda jamani, nisiwadanganye. Tatizo nililiona koridoni: mita moja ya LUKU, vyumba vitano. Nikamuuliza dada mmoja aliyekuwa anaanika nguo, "Umeme mnachangaje hapa?" Akacheka kwanza. Akasema kila mtu elfu kumi, ikiisha mnachanga tena, na mwenye jiko la umeme ndo anayesemwa. Nikajua. Nina friza, linakaa limewashwa usiku na mchana. Mwezi wa kwanza wangenivumilia, wa pili ningekuwa mimi ndiye ninayesemwa, na hapo kodi ya miezi 6 nimeshalipa, hairudi.

Kuna na kitu kingine watu hawakijui kuhusu mita ya kuchangia. TANESCO wana bei ya chini kwa mtumiaji mdogo wa nyumbani, lakini inaishia yuniti 75 kwa mwezi. Ukivuka hapo bei ya yuniti inapanda zaidi ya mara tatu. Sasa vyumba vitano mita moja, hizo 75 zinaisha mapema tu, halafu wote mnalia kwamba "LUKU ya nyumba hii inakimbia". Haikimbii. Mko wengi.

Basi nimeshaamua sichukui. Sasa kumwambia. Dalali aliniambia niachie yeye, atamwambia mama kwamba bado natafuta hela. Nikakataa. Dalali hana faida ya kufikisha hapana yako ilivyo, anataka mama azidi kusubiri labda utarudi. Na mama akisubiri anamkataa mwingine mwenye hela mkononi. Chumba kikikaa wazi wiki tatu kwa ajili yako, laki na ishirini yake inaliwa na wewe huko uliko umelala.

Halafu sababu. Hapa ndo penyewe. Watu wengi wakikataa wanasema "kodi kubwa mama", kwa sababu ndo rahisi kutamka. Sasa mama akikuambia haya lete laki moja? Umebanwa. Utatunga uongo wa pili, na huo atauona. Mimi kipimo changu ni kimoja: sema sababu ambayo ikirekebishwa kesho, kweli utahamia. Kwangu ilikuwa LUKU. Angesema "nakuwekea LUKU yako", ningebeba friza siku hiyo hiyo.

Na sababu iongelee maisha yako, siyo nyumba yake. Ile nyumba kaijenga tofali kwa tofali, pengine kwa hela ya vikoba na mafao ya marehemu mume, huwezi kujua. Ukimwambia "umeme wenu wa ovyo" umemtukana. Ukimwambia "kazi yangu inakula umeme mwingi, sitaki kuwakwaza wenzangu", maana ni ile ile ila mtu anaipokea.

Nilimpigia jioni ile ile, baada ya magharibi. Mtu mzima usimtumie meseji tu, anaona dharau. Mpigie kwanza, meseji ifuate ili namba yako ibaki kwake na maneno yawepo. Kwenye simu nilisalimia, nikashukuru, nikasema hapana mapema kabla hajaanza kuniuliza nahamia lini. Akanyamaza kidogo. Akaniuliza, "Kwani mwanangu hukukipenda?" Nikamwambia nimekipenda sana, ila friza. Akaguna. Akasema kweli, hapo ungegombana na watu wangu.

Meseji niliyoituma baadaye ni hii:

"Shikamoo mama. Ni yule binti wa juisi niliyekuja leo kuona chumba. Nashukuru sana kwa kunikaribisha. Kama nilivyokwambia kwenye simu, chumba ni kizuri ila kwa kazi yangu ya friza nahitaji LUKU ya peke yangu, kwa hiyo chumba hiki sitachukua, naomba umpe mwingine usinisubiri. Ikitokea una chumba chenye LUKU yake, hata kikiwa kidogo, naomba unikumbuke. Usiku mwema mama."

Angalieni "usinisubiri" na "unikumbuke" yako pamoja. Watu wanaogopa neno la kwanza wakidhani linaua la pili. Ukiacha la kwanza unamweka mtu njia panda, ukiacha la pili umeaga moja kwa moja. Na msiseme unikumbuke kama hamna mpango wa kurudi. Chumba chenye ukuta unaotoka chumvi na harufu ya fangasi, we shukuru tu uishie hapo.

Dalali naye nilimtumia maneno hayo hayo, dakika hiyo hiyo. Alinuna. Lakini hiyo meseji ilikuja kunisaidia.

Maana baada ya kama miezi miwili, mama alinipigia mwenyewe. Mpangaji wa chumba cha mbele, kile cha upande wa barabarani, anahama. Zamani kilikuwa duka, kwa hiyo kina LUKU yake. Choo cha nje, kodi elfu themanini. Nilienda kukiona peke yangu, nikaweka kichwa kwenye ile mita kabla hata sijaangalia ndani, mama akacheka sana.

Dalali alivyosikia akaja na maneno: yeye ndo alinipeleka pale, mwezi wake uko wapi? Mama akataka kumfukuza, nikamwomba asifanye hivyo. Nikamfungulia dalali ile meseji na tarehe yake, nilikataa chumba chake wazi wazi, na hiki hakunionyesha yeye. Ila ukweli ni kwamba bila yeye nisingemjua mama. Tukakubaliana elfu arobaini, nusu ya kodi ya mwezi, akaandika kwenye karatasi kwamba kapokea na hadai tena. Mama akasaini kama shahidi.

Friza liko dirishani sasa hivi, barafu za ubuyu mia mia, wanafunzi wakitoka shule foleni. Choo cha nje usiku ndo mtihani.